Picha ya fishi ya mshahara tunaifuta, mistari yake tunaiandika

(Maneno yaliyosemwa kwa niaba ya komite mbele ya wanamemba wa Butembo na Beni, Oktoba 2024)



Tuko na jambo moja leo, nalo ni fishi ya mshahara. Tangu wengi wetu walirudi Oicha, Mbau, Mavivi na hata hapa Beni mjini, wamepata kazi: usantinele, udereva, magazini, jikoni, ualimu wa shule za watu binafsi. Mwisho wa mwezi wanapewa karatasi. Wanaona kiasi cha chini kabisa, kile cha kupokea, wanasema "hii haifiki", lakini hawajui ni mstari gani uliokula feza. Basi wanapiga picha, wanaituma ku kikundi cha simu cha shirika: "Ndugu, niangalilieni."

Komite imeamua hivi: picha ya namna ile tunaifuta mara tunapoiona, na pahali pake tunaandika mistari ya fishi, mmoja kwa mmoja, bila jina la mwenyewe. Wengine walikasirika, wakasema tunawafungia mlango. Ndiyo sababu tunaeleza.

Muangalie kilichoko juu ya fishi. Kuna jina lote, kazi, namba ya CNSS, mara nyingi namba ya konti ya banki, na tarehe ya malipo. Chini kuna kiasi. Mtu mwenye kushika karatasi ile anajua nani anapokea, anapokea ngapi na siku gani. Sisi sote tunaishi katika inchi ya kutekwa watu na kuombwa feza za kuwakomboa. Tena wakati wa Ebola, tangu 2018 mpaka 2020, tuliona vile mtu aliyejulikana kuwa na mshahara wa riposti aliweza kutishwa na jirani zake. Picha ikiingia katika simu za watu 140, haiko tena ya mwenyewe. Na kuifuta ku kikundi hakuitoi katika simu ya yule aliyekwisha kuihifadhi. Kwa hiyo ni heri isitumwe kabisa: mtu alete karatasi yake ku biro, tuandike pamoja naye, kisha arudi nayo nyumbani. Karatasi yenyewe aitunze sana, maana ndiyo ushahidi. Mistari yetu ni ya kuhesabia tu, hakuna inspekteri wa kazi atakayeipokea kama hati.

Kuna sababu ya pili, nayo kwetu ni kubwa kuliko ile ya kwanza. Picha haihesabiki. Karatasi imekunjwa, wino wa mashine umepauka, 3 inafanana na 8. Watu kumi wanaiangalia na kila mtu anatoa mawazo yake. Lakini ukiisha kuandika mstari kwa mstari, kila tarakimu inakulazimisha kujiuliza: hii imetoka wapi?

Namna ya kuandika ni hii. Watu wawili wanakaa, mmoja anasoma kwa sauti, mwingine anaandika, kisha yule aliyeandika anasoma na wa kwanza anafuata kwa kidole. Tunaandika jina la mstari sawa na lilivyo ku karatasi, kwa Kifaransa chake, hata kama ni kifupisho tusichokielewa. Hatupunguzi wala kuongeza ili hesabu iwe nzuri. Mstari wenye 0 tunauandika na 0 yake, na mstari ulio mtupu tunauandika kuwa mtupu, maana kukosekana kwa kiasi nako ni habari. Tunaandika mwezi, siku zilizofanywa kazi, idadi ya watoto kama iko, na kama feza ni faranga ao dola. Kama fishi ni ya dola, tunatafuta pia mstari wa kiwango cha kubadilisha, kwa sababu ngazi za kodi ya mshahara zimeandikwa kwa faranga. Fishi ya dola isiyo na kiwango, kodi yake haiwezi kuhakikishwa. Mtu arudi kwanza kwa kontabli wake akaulize kiwango gani kilitumika mwezi ule.

Kisha, mbele ya kugusa makato, tunajumlisha mapato na kulinganisha na jumla iliyo ku karatasi. Kama hailingani, hatuendi mbele. Tuko na kajanja kadogo ambako makarani wa zamani wanakajua: gawanya tofauti kwa 9. Ikigawanyika bila kubaki kitu, pengine tarakimu mbili zimebadilishana nafasi. Mtu akiandika 140 000 pahali pa 104 000, tofauti ni 36 000, na 36 inagawanyika kwa 9. Haiko hakika ya kila mara, ila inaonyesha pa kuangalia kwanza.

Sasa tuingie katika fishi moja ya kweli. Mwenyewe ni papa mmoja aliyerudi Oicha na kupata kazi ya magazinye hapa Beni, na ametupa ruhusa. Muajiri wake hatumtaji. Ni fishi ya Agosti 2024, mwezi wake wa saba katika kazi ile. Tuliiandika hivi:

```
Salaire de base            600 000
Prime de responsabilité     30 000
Indemnité de logement      180 000
Transport 26 j             104 000
Allocations familiales 3    36 000
Total gains                950 000
CNSS 5 %                    47 500
IPR                        115 935
Avance                      50 000
Total retenues             213 435
Net à payer                736 565
```

Papa alituambia: "Mimi nilihesabu na mashine ya simu, inalingana. Lakini tumbo langu linakataa." Na kweli, inalingana. Mapato yanatoa 950 000, makato yanatoa 213 435, ukitoa moja katika lingine inabaki 736 565. Mtu mwenye kutazama jumla tu angesema fishi ni safi, amwambie papa aende kulala.

Hapo ndipo watu wengi wanaishia. Kujumlisha na kutoa kunaonyesha tu kwamba mashine ya kontabli inajua hesabu. Hakuonyeshi kama asilimia zilichukuliwa juu ya kiasi kinachopashwa. Na makato mawili makubwa ya Kongo, CNSS na IPR, yote mawili ni asilimia. Ukibadilisha kiasi cha chini yake, kila kitu kinabadilika na bado jumla inalingana.

Tuanze na CNSS. Sehemu ya mfanyakazi ni 5%. Ili kujua 5% hii ilichukuliwa juu ya kiasi gani, hakuna haja ya kumuuliza mtu: chukua makato yenyewe, uzidishe mara 20. Kwa fishi yetu, 47 500 mara 20 inatoa 950 000. Kumbe! Ni jumla yote ya mapato, pamoja na nyumba, transipori na feza za watoto.

Sheria ya kazi ya Kongo, ile ya 2002 iliyorekebishwa 2016, haihesabu vitu hivi vitatu kuwa mshahara. Feza ya nyumba, feza ya transipori na feza ya watoto inayotolewa kwa sheria ziko pembeni ya mshahara, na CNSS inakatwa juu ya mshahara. Kwa papa wetu mshahara ni 600 000 na prime 30 000, yaani 630 000. Asilimia 5 yake ni 31 500. Alikatwa 16 000 zaidi.

Hapa tuseme neno juu ya fishi zenye safu mbili. Ku karatasi zingine, pembeni ya makato ya mfanyakazi kuna safu ya muajiri: CNSS 13%, INPP, ONEM. Ile safu haitoki katika mfuko wa mfanyakazi. Muajiri anailipa juu ya mshahara. Tumekwisha kuona watu wakiyaandika yote pamoja na makato yao, kisha wanakuja wakilia kwamba wamekatwa 18% ya CNSS. Kwa hiyo wakati wa kuandika, safu ya muajiri tunaiandika chini kabisa, mbali, na tunaweka alama kwamba haitolewi.

Sasa IPR, ambayo ni kodi ya mshahara inayokwenda DGI. Hii iko na ngazi, na watu wanaiogopa bure. Kwa ngazi za mwaka wa 2024, katika kila mwezi faranga 162 000 za kwanza zilikatwa 3%. Zilizofuata, mpaka 1 800 000, zilikatwa 15%. Juu ya hapo kulikuwa na ngazi ya 30% na ya 40%, lakini sisi wengi hatufiki kule, basi tuyaache. La kushika ni kwamba mtu akipita 162 000 hakatwi 15% juu ya feza yote. Zile 162 000 zinabaki na 3% yake, ambayo ni 4 860, na kiasi hiki hakibadiliki kwa yeyote aliyefika ngazi ya pili.

Kwa sababu hakibadiliki, tunaweza kurudi nyuma kama tulivyofanya kwa CNSS. IPR ya fishi ni 115 935. Toa 4 860, inabaki 111 075. Hii ni 15% ya nini? Gawa kwa 15, zidisha kwa 100: 740 500. Ongeza zile 162 000 za ngazi ya kwanza, unapata 902 500. Na 902 500 ni nini? Ni 950 000 kutoa CNSS ya 47 500. Yaani kontabli alikata kodi juu ya nyumba, juu ya pikipiki ya kwenda kazini, na juu ya feza ya watoto.

Kwa kodi, feza ya nyumba haikatwi kama haipiti 30% ya mshahara. Papa iko na nyumba 180 000 juu ya mshahara wa 600 000, hiyo ni 30% kamili, haijapita. Transipori ni 4 000 kwa siku, siku 26, na inalingana na safari 4 za kila siku kwa bei za hapa, hakuna anayeweza kusema ni mshahara uliofichwa. Feza ya watoto haikatwi. Basi kodi inapashwa kuhesabiwa juu ya 630 000 kutoa CNSS ya kweli ya 31 500, ambayo ni 598 500. Tunatoa 162 000, inabaki 436 500, na 15% yake ni 65 475. Tunaongeza 4 860. IPR inakuwa 70 335.

Tusimame kidogo, kwa kuwa wengine wanapenda kusema mara moja kwamba patro ameiba. Fishi haiwezi kusema hivyo. Inawezekana kontabli alitumia karatasi ya mashine iliyopangwa vibaya, na feza yote ya zaidi ilikwenda CNSS na DGI. Inawezekana pia kwamba kule ilitangazwa 630 000 na tofauti ikabaki katika kesi ya kampuni. Mistari hii haionyeshi ni lipi. Kwa upande wa CNSS mfanyakazi anaweza kwenda na namba yake ku biro yao, akaulize muajiri ametangaza mshahara gani na kwa miezi gani. Na hilo tunawaomba wote wafanye, hata wale wenye fishi safi, kwa sababu kukatwa ni jambo moja na kutangazwa ni jambo lingine. Siku ya uzee inahesabiwa miezi iliyotangazwa.

Turudi ku fishi, maana bado kuna mstari uliokosekana. IPR inapunguzwa 2% kwa kila mtu anayebebwa na mfanyakazi katika jamaa yake, mpaka watu 9. Si 2% ya mshahara, ni 2% ya kodi yenyewe. Papa iko na mke na watoto 3, hao ni watu 4, inakuwa 8%. Na fishi yenyewe inajua watoto hao! Iliwalipia 36 000 katika mapato. Katika mstari wa kodi wamepotea. Mambo kama haya picha haikuonyeshi, lakini ukiandika "3" kwa mkono wako ku mstari wa tano, ukifika ku mstari wa nane unajiuliza wale 3 wamekwenda wapi.

Kwa 8%, IPR ya 70 335 inashuka mpaka 64 708. Tukikata 31 500 ya CNSS, 64 708 ya IPR na avansi ya 50 000 ambayo papa anakubali aliichukua, papa alipashwa kupokea 803 792. Alipokea 736 565. Tofauti ni 67 227 kwa mwezi mmoja. Mwenye kujua bei ya mfuko wa unga na feza ya shule ku Beni hana haja ya kuelezwa.

Mwanamemba mmoja aliuliza katika mkutano wa Butembo: "Na kama mtu akinyamaza, akingojea mpaka aache kazi, kisha adai yote?" Jibu ni hapana. Kwa sheria ya kazi, madai ya mshahara yanakufa kisha mwaka mmoja, kuanzia siku ambayo mshahara ule ulipashwa kulipwa. Kila mwezi unakufa peke yake, kwa zamu yake. Papa alianza kazi Februari 2024. Angengojea mpaka Juni 2025, miezi yake ya kwanza ingekuwa imekwisha kupotea.

Hatukupeleka maneno ya ukali. Papa alikwenda kwa kontabli na karatasi moja ambamo mistari ya fishi ilikuwa upande wa kushoto na mistari ile ile, iliyohesabiwa juu ya 630 000, upande wa kulia. Karatasi yake ya asili alikuwa nayo mfukoni. Tulimwambia aanze na swali moja tu: "Hii 47 500 ni asilimia 5 ya nini?" Kontabli alihesabu mbele yake, akanyamaza, akahesabu tena. Juu ya CNSS na juu ya msingi wa kodi alikubali siku ile ile. Fishi za miezi 7 zilikuwa na kosa lile lile kwa mapato yale yale: 16 000 ya CNSS na 45 600 ya IPR, yaani 61 600 kwa mwezi, na kwa miezi 7 ni 431 200. Wamekubaliana kurudisha mara mbili, 215 600 kila mara. Ya kwanza imekwisha kuingia, ya pili inangojewa mwisho wa mwezi huu.

Juu ya watu anaobeba, hapo kontabli alikataa. Alisema feza ya watoto aliitoa kwa neno la papa tu, lakini kupunguza kodi anataka hati, kwa sababu mtu wa DGI akija kukagua atazitaka. Hatukuona kosa katika jibu lile. Shida ni kwamba hati za jamaa hii ziliungua pamoja na nyumba. Cheti cha ndoa kilipatikana kwa parokia na kwa komine, watoto wawili walipata hati zao za kuzaliwa, wa tatu alizaliwa wakati jamaa ilikuwa imekimbilia Butembo, na hakuandikwa mahali popote.

Fishi ya Septemba tumeiandika wiki iliyopita, mstari kwa mstari kama ile ya kwanza. Siku za kazi ni 25, transipori imeshuka mpaka 100 000, mapato yote ni 946 000. CNSS ni 31 500, na mara 20 inatoa 630 000. IPR ni 66 115, kwa watu 3, si 4. Avansi haiko. Papa amepokea 848 385. Kwa mtoto wa tatu, katibu wetu wa Butembo anafuatilia hati ku biro ya komine, na gharama ya hati ile inatoka katika kesi ya shirika, kama mkutano ulivyokubali.

Mwenye fishi ya Oktoba aje nayo ku biro ya Beni ao ya Butembo, na fishi yake ya mwezi uliopita pia kama anayo. Picha asitume.